Kukisia neno geni la Kiingereza kwa mizizi yake: bene, mal na port

Umefika kwenye swali la msamiati, neno ni *malediction*, na hujawahi kukutana nalo popote. Kamusi hairuhusiwi. Wengi hapo hutazama majibu manne, wakachagua lile lenye sauti inayokaribiana na neno lenyewe, na kwa bahati mbaya mtunga swali alishalitega jibu hilo makusudi. Ipo njia nyingine, na msemaji wa Kiswahili anaianza akiwa na mtaji mkononi.

Mtaji wenyewe ni huu. Ukisikia *msomaji*, *somo*, *kisomo*, *usomi* na *someka*, unajua yote yanazunguka -som-, hata kama mojawapo hujawahi kulisikia. Hukufundishwa kila neno peke yake. Ulijifunza mzizi mmoja na viambishi vyake, kisha ukawa unaunganisha. Maneno marefu ya Kiingereza cha vitabuni yamejengwa vivyo hivyo, ila mizizi yake mingi ilitoka Kilatini na mingine Kigiriki. Katika mwongozo huu nashika mizizi mitatu ya Kilatini: *bene*, yaani vema; *mal* (pengine *male*), yaani vibaya; na *port*, yaani kubeba. Ningeweza kukupa orodha ya mizizi mia, lakini nimeona wanafunzi wengi wakikariri orodha za namna hiyo na bado wakakwama, kwa sababu tatizo halikuwa kujua mizizi. Walikuwa hawajui kukata.

Hatua ya kwanza: sikiliza sentensi kabla ya kulishika neno

Ukianza na neno lenyewe, utalipenda jibu la kwanza utakalopata na sentensi utailazimisha ilikubali. Kwa hiyo anza na sentensi. Ifunike kwa kidole sehemu yenye neno geni, soma kilichobaki, kisha andika pembeni alama moja: jumlisha kama panahitajika jambo jema, kutoa kama panahitajika jambo baya. Angalia maneno yanayogeuza mkondo, yale ya maana ya "lakini", "ingawa" na "badala ya", kwa sababu hayo ndiyo yanayobadilisha alama.

Angalia pia kama nafasi hiyo inataka jina, kitenzi au kivumishi. Ikiwa swali limetoa neno pekee bila sentensi, hatua hii unairuka, na utalazimika kuwa mwangalifu zaidi katika hatua ya nne.

Hatua ya pili: kata kuanzia nje kwenda ndani

Ondoa kiambishi cha mbele, ondoa cha nyuma, kisha tazama kilichobaki katikati. Usianze katikati. Jicho likishaona *port* ndani ya neno linasahau kila kitu kingine.

Viambishi vya nyuma ndivyo vinavyodharauliwa zaidi, na ndivyo vinavyoamua nani anatenda na nani anatendewa. Chukua *benefactor* na *beneficiary*. Yote mawili yana *bene*, vema, na yote yana mzizi wa kutenda, *fac* au *fic*. Mwanafunzi anayeishia hapo atasema ni maneno ya "wema", na ni kweli, ila katika majibu manne atakuta mtoa msaada na mpokea msaada vyote vimewekwa. Mwisho *-or* humtaja mtendaji, kama vile m- inavyofanya katika *mfadhili*. Mwisho *-ary*, katika neno hili, humtaja yule ambaye wema umemfikia. Kwa hiyo *benefactor* ni mfadhili, na *beneficiary* ni mfadhiliwa. Tofauti ambayo Kiswahili kinaibeba kwa herufi mbili tu, -wa, Kiingereza kimeiweka mkiani mwa neno. Ukisoma neno kuanzia mbele na kuchoka kabla hujafika mkiani, umeiacha.

Mikia mingine inayotosha kwa kuanzia ni *-ent* au *-ant*, ambayo humaanisha "-enye kufanya"; *-ion*, ambayo hutengeneza jina la tendo; na *-able*, ambayo ni sawa kabisa na -ika na -eka zetu. *Portable* ni kitu kinachobebeka.

Hatua ya tatu: tafsiri vipande kwa Kiswahili kibovu

Usikimbilie maana nzuri. Panga vipande kama vilivyo, hata kikitoka Kiswahili ambacho mwalimu wako angekikatia kwa wino mwekundu. *Benevolent* ni bene, vol, ent: vema, taka, -enye. "Mwenye kutaka vema." Hiyo ni sentensi ya ovyo, lakini jibu limeshaonekana: mtu mwenye moyo mwema, anayewatakia wengine heri. Ukibadilisha kipande kimoja tu, *malevolent*, unapata mwenye kuwatakia wengine mabaya.

Hapa ndipo *bene* na *mal* zinapokulipa vizuri kuliko mizizi mingine: zinaenda kwa jozi. Jifunze vipande vinne vya katikati na utapata maneno manane au zaidi. *Vol* ni kutaka, na tumeshaiona. *Dic* au *dict* ni kusema: *benediction* ni kunena mema juu ya mtu, yaani baraka, na lile neno tuliloanza nalo, *malediction*, ni kunena mabaya juu yake, yaani laana. Jina la Benedikto limetoka humo humo, aliyenenewa mema. *Fac* ni kutenda: *benefactor* mtenda wema, *malefactor* mtenda maovu, mhalifu. Kipande cha nne kimejificha zaidi, *gn*, kutokana na mzizi wa kuzaliwa: *benign* kwa asili ni "mwenye kuzaliwa vema", wa tabia ya upole, na *malign* ni kinyume chake. Madaktari wanayatumia maneno ya jozi hii kila siku. Uvimbe ulio *benign* hausambai kwenye viungo vingine, ulio *malignant* ni saratani. Anayezijua *bene* na *mal* hawezi kuvichanganya.

Zingatia mahali zinapokaa. *Bene* na *mal* katika Kilatini zilikuwa vielezi, "vema" na "vibaya", kwa hiyo katika maneno haya hutangulia mbele. *Port* ilikuwa kitenzi, kwa hiyo hukaa baada ya kiambishi cha mwelekeo: *ex-port*, kubeba kwenda nje, *im-port*, kubeba kuingia ndani, *trans-port*, kubeba kuvuka upande wa pili, *re-port*, kubeba kurudisha, maana aliyetumwa alirudi na habari, na ndiyo *ripoti* yetu. Ukiona *mal* mwishoni mwa neno, kama *formal*, *normal* au *animal*, tulia: herufi m pale ni ya mzizi mwingine, na *-al* ni mkia wa kivumishi. Kuna neno moja la kuchekesha linaloivunja kanuni hii, *dismal*, la huzuni au la kukatisha tamaa. Hilo kweli lina ubaya mkiani: limetoka kwenye maneno ya Kilatini *dies mali*, siku mbaya, zile siku zilizohesabiwa kuwa na nuksi katika kalenda ya zamani. Tena *dis-* yake si kiambishi cha kukanusha hata kidogo, ni "siku". Lichukue kama lilivyo.

Kabla ya kuendelea: vipande hubadilika sura

Wengi hupotea hapa. Wanamjua *sub*, maana yake chini, lakini wakikutana na *support* hawamwoni. Wanamjua *in*, lakini katika *import* wanaona *im* na kudhani ni kitu kipya.

Kiswahili kinafanya jambo hilohilo kila siku bila wewe kuligundua. Kivumishi -baya ukikipeleka kwenye ngeli ya *nyumba* kinapokea n-, lakini husemi "nyumba nbaya". Unasema *mbaya*, kwa sababu ulimi ukiwa njiani kwenda kwenye b, midomo imeshaanza kufumba, na n inageuka m. Warumi walikuwa na midomo kama yetu. *In* mbele ya p, b au m huwa *im*. Mbele ya l huwa *il*. Mbele ya r huwa *ir*. *Sub* mbele ya p huwa *sup*, mbele ya f huwa *suf*. Ukiona konsonanti mbili zinazofanana karibu na mwanzo wa neno, kama pp ya *support* au ff ya *suffer*, ya kwanza mara nyingi ni mwisho wa kiambishi kilichojigeuza. Kata katikati yao.

Irabu nazo huchezacheza. *Fac* ya *benefactor* inakuwa *fic* katika *beneficiary*, kama -ia ya *pikia* inavyokuwa -ea katika *somea*, na kazi ni ileile. Shika konsonanti, f na c. Irabu iache iende zake.

*In* ina shida moja zaidi. Kuna *in* mbili zenye sura moja: moja ni "ndani", nyingine ni "si". *Import* ina ile ya ndani. *Imperfect* ina ile ya kukanusha. Hakuna alama ya nje ya kuzitofautisha kwa uhakika, ila mwelekeo upo: ikitangulia kitenzi cha kuhamisha au kutia kitu, jaribu "ndani" kwanza, ikitangulia kivumishi, hasa chenye mkia *-able*, jaribu "si" kwanza. Jaribu, usiape. *Inflammable* ni kitu kinachoshika moto, wala si kisichoshika, kwa sababu *in* yake ni ya kutia moto ndani. Neno hilo liliwahi kuonekana la hatari kiasi kwamba kwenye vibandiko vya mizigo sasa huandikwa *flammable*.

Hatua ya nne: muulize ndugu yake

Umekata, umetafsiri, umepata maana. Sasa jiulize: mzizi huu nimeuona kwenye neno gani jingine ninalolijua, na je, pale ulikuwa na maana hiyohiyo? Ukiwapata ndugu wawili wanaokubaliana, endelea. Usipompata hata mmoja, shuku.

Kwa mizizi yetu mitatu, wapo wanaojifanya ndugu. *Beneath*, chini ya, imeanza na *bene*, lakini ni neno la Kiingereza cha kale, *be* na *neath*, halihusiani na wema wowote. Ukilikata unabaki na "ath", kipande kisicho na kazi mahali pengine popote. Hilo ndilo jaribio la kwanza: baada ya kukata, kila kipande kilichobaki lazima kiwe na makazi katika maneno mengine. *Portrait*, picha ya mtu, nalo linaanguka hapo, maana "rait" si chochote. Asili yake ni kuvuta mistari, si kubeba.

*Mallet* ni la ujanja zaidi. Ukikata *mal* unabaki na *let*, na *-let* ni mkia halali wa udogo, kama ki- katika *kitoto*. Basi mwanafunzi anatangaza kwamba *mallet* ni "kiovu kidogo". Ni nyundo ya mti. Limetoka kwenye *malleus*, nyundo kwa Kilatini, na humo ndimo linamotoka *malleable*, ambalo mitihani inalipenda sana: chuma kinachokubali kufuliwa kwa nyundo, na kwa mbali, mtu anayeumbika au kubadilishwa kirahisi. Hesabu l zake. *Mal* ya ubaya ina l moja. Ukiona mbili, kama *mallet*, *malleable*, *mall* na *mallard*, weka ubaya pembeni.

*Portion*, sehemu au fungu, ndilo linalonasa hata waliozoea, kwa sababu linapita jaribio la kukata: *port*, halafu *-ion*. Vipande vyote vina makazi. Hapa ndugu ndio wanaolifichua. Tazama majina yaliyotokana na *port* ya kubeba: *transportation*, *importation*, *deportation*. Yote yana *-ation*. *Portion* lina *-ion* tupu, na limetoka kwenye neno jingine la Kilatini lenye maana ya fungu. Jamaa yake wa kweli ni *proportion*, uwiano wa mafungu.

Kisha kuna *port* ya bandari na *portal* ya lango. Katika Kilatini bandari ni *portus*, lango ni *porta*, kubeba ni *portare*. Ndiyo maana *pasipoti*, ingawa unaibeba mfukoni, haina kubeba ndani yake: ni ruhusa ya kupita bandari au lango. Na *opportune*, la wakati mwafaka, lilianza kama upepo unaoelekeza chombo bandarini. Wanamaji wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa wema wa upepo huo.

Swali moja tangu mwanzo hadi mwisho

Sentensi nimeiweka kwa Kiswahili ili neno geni lisimame peke yake:

"Baada ya wiki tatu za homa, kelele za chumba cha jirani zilikuwa *insupportable*, na mgonjwa akaomba ahamishwe."

Majibu: A, zisizo na watetezi. B, zisizovumilika. C, zisizo muhimu. D, zisizohamishika.

Funika neno. Mtu anaumwa, kuna kelele, anaomba kuhama. Alama ni ya kutoa, na nafasi inataka kivumishi cha hizo kelele. Hadi hapa C imeshaanza kuonekana ya ajabu, kwa kuwa hakuna anayehama chumba kwa kelele zisizo na umuhimu kwake.

Kata. Nyuma kuna *-able*, -ika. Mbele kuna *in*. Ndani kuna *support*, na humo kuna p mbili, kwa hiyo nakata katikati: *sup*, ambayo ni *sub*, chini, na *port*, beba. Vipande vinne: si, chini, beba, -ika. Kwa Kiswahili kibovu: "isiyobebeka kwa chini". Mtu aliyejitia chini ya mzigo anaubeba kutoka chini, na huu haubebeki.

Je, *in* ni ya ndani au ya kukanusha? Mkia ni *-able*, kwa hiyo najaribu kukanusha kwanza, na alama ya kutoa inakubali.

Sasa majibu. A ni mtego wa anayejua *support* kwa maana ya kuunga mkono tu: "zisizoungwa mkono". Kisarufi inapita, lakini irudishe kwenye sentensi: mgonjwa ahame kwa sababu kelele hazina watetezi? Haiingii. D ni mtego wa aliyeona *port* akakumbuka mizigo ya *transport*. Huyo amekirukia kitovu cha neno na kuacha *sup*. Anayebaki ni B. Na Kiswahili chenyewe kinatoa ushahidi: jambo linalotushinda tunasema *halibebeki*, *mzigo umenielemea*. Kutoka kubeba hadi kuvumilia ni hatua moja, na Warumi waliipiga hatua hiyo kabla yetu.

Mwite ndugu wa kuthibitisha. Mzizi mwingine wa Kilatini wa kubeba ni *fer*, kama katika *transfer*. Weka *sub* mbele yake: *suffer*, kubeba ukiwa chini ya mzigo, kuteseka. Ongeza *in* na *-able*: *insufferable*. Kipande kwa kipande ni neno lilelile, *in-suf-fer-able* na *in-sup-port-able*, na maana yake ni ileile, asiyevumilika. Mara nyingi huwa simpati ndugu aliyekaa sawasawa namna hii. Ukimpata, weka alama kwenye B na usirudi tena.

Kwa maandishi inaonekana kazi ndefu. Mkono ukizoea inachukua chini ya nusu dakika, na neno likikataa kukatika ndani ya dakika moja, liache. Huenda ni neno lisilo na mizizi ya namna hii kabisa.

Neno lenye sura ya Kigiriki

Ukiona ph, y katikati ya konsonanti, au rh, huenda uko kwenye Kigiriki, na huko *bene* na *mal* hawatumiki sana. Kazi ya *bene* inafanywa na *eu*, kazi ya *mal* inafanywa na *dys* au *caco*, na kubeba ni *phor*. Kipande *phon*, sauti, unakijua kutoka *telefoni* na *maikrofoni*. Basi *euphony* ni sauti tamu na *cacophony* ni makelele yanayokwaruza sikio. *Metaphor*, sitiari, ni kubeba maana kuivusha upande wa pili, vipande vilevile vya *transfer* vikiwa vimevaa nguo za Kigiriki.

Tahadhari ni moja tu inayostahili nafasi: *dys* si *dis*. Ile yenye y ni ubaya au ugumu, kama *dyslexia*, ugumu wa kusoma. Ile yenye i ni ya Kilatini, ya kukanusha au kutenganisha. Masikioni zinafanana, kwa hiyo amini jicho.

Mizizi inapokuangusha

Mzizi unakueleza waliolitunga neno walikuwa wanafikiri nini. Haukuelezi kitu chenyewe ni nini. Mfano wake unaujua tangu utotoni: *malaria*. Ni Kiitaliano, *mala aria*, hewa mbaya, kwa sababu watu waliamini kwamba homa ile huletwa na mvuke wa vinamasi. Mwaka 1880 Alphonse Laveran aliona vimelea katika damu ya wagonjwa, na mwaka 1897 Ronald Ross akavikuta ndani ya mbu. Hewa haikuwa na hatia, lakini jina lilishakaa. Mwanafunzi anayekata *malaria* vizuri kabisa atapata jibu lisilo sahihi la sayansi.

Kuna maneno ambayo mzizi ni wa kweli ila maana imetembea mbali. *Portly* lina *port* halisi ya kubeba: zamani lilimsifu mtu anayejibeba kwa heshima, mwenye mwendo wa kiungwana. Leo linamtaja mtu mnene, hasa mzee wa makamo, kwa lugha ya adabu. Hata *deportment* na *deportation* ni watoto wa nyumba moja waliofuata njia mbili: la kwanza ni mwenendo, namna mtu anavyojibeba mbele za watu, na la pili ni kumwondoa mtu nchini kwa nguvu. Vipande havitakutofautishia hayo mawili, yatakutofautishia sentensi peke yake. Watunga maswali wanalijua hilo, kwa hiyo ukiyaona yote mawili katika uchaguzi mmoja, rudi kwenye hatua ya kwanza na usome sentensi upya kana kwamba hujawahi kuiona.

Na kuna *malinger*. Niliwahi kulikata mimi mwenyewe, kwa kujiamini: *mal*, vibaya, na *linger*, kukawia. "Kukawia vibaya", nikachagua kuchelewa. Nilikuwa nimechanganya kipande cha Kilatini na neno zima la Kiingereza, na kiungo hicho kilinidanganya. Neno limetoka kwenye *malingre* ya Kifaransa, dhaifu wa afya, na maana yake ni kujifanya mgonjwa ili kukwepa kazi. Alama yangu ya kutoa ilikuwa sahihi, na ilitosha kufuta majibu mawili kati ya manne. Kati ya mawili yaliyobaki nilichagua vibaya.